Mistari Minne ya Ukurasa wa Tano

Gazetini walimwita Bi Posta, na wala hakuwahi kufanya kazi posta hata siku moja. Walimwita hivyo kwa sababu ya bahasha. Wenzake wakisikia mtu amekufa kifo cha habari, walibeba kamera na kukimbilia mlangoni kwa wafiwa. Yeye alivuta kiti, akaandika barua. Kijana wa michezo alizoea kusema kwamba nchi nzima wamebaki wawili tu wanaoandika barua, Bi Posta na watu wa maji wanapotaka kukukatia bomba. Bi Posta alicheka naye, kisha akaendelea kuandika.

Hakuwa mpole kiasi hicho, msije mkadhani. Alikuwa na miaka arobaini na sita, magoti mabovu, na ulimi ambao vijana wa chumba cha habari waliuogopa kuliko barua ya onyo. Barua zake zilikuwa na asili yake. Baba yake alipokufa ajalini, mwandishi mmoja alimsogezea mama yake kinasa sauti mlangoni mwa chumba cha maiti, akamuuliza, "Mama, unajisikiaje?" Na mama wa watu, akili imemruka, akajibu kama anavyojibu kila anayemsalimu tangu azaliwe: "Salama tu, ahsante." Kesho yake gazeti likaandika kwa herufi nene, MJANE: NIKO SALAMA. Mama yake aliishi miaka tisa baada ya hapo na hakununua gazeti tena, hata la kufungia vitu. Binti akaenda kusomea uandishi. Watu wengine hulipiza kisasi kwa namna za ajabu.

Jumatatu moja asubuhi mhariri akamwita. Huyu naye alikuwa na jina lake, Saa Kumi, maana kurasa zilifungwa saa kumi jioni na yeye hakuwa na neno lingine kinywani. Ukimwambia habari za asubuhi, anakujibu saa kumi.

"Nataka kurasa mbili," akasema. "Mafundi wanaokufa kwenye majengo. Mwaka huu wamefika saba na hakuna anayeuliza. Yule fundi umeme aliyeanguka ghorofa ya nne, yule wa wiki tano zilizopita, nataka familia yake. Nataka mama. Picha kubwa, analia."

"Nitamwandikia," akasema Bi Posta.

"Namba ya simu ya familia tunayo."

"Ninajua tunayo."

Saa Kumi akashika kichwa. "Alhamisi ya wiki ijayo nafunga. Saa kumi. Ukiniletea bahasha tupu, nitajaza kurasa hizo na wewe."

Barua ya namna ile haianzi kwenye karatasi. Inaanza kwa kusoma kila kitu ambacho gazeti lako limekwisha kuandika kuhusu marehemu, usije ukabisha hodi huku umekanyaga kaburi. Bi Posta akashuka maktaba, akaomba tangazo la mazishi na habari yoyote iliyotoka. Tangazo lilikuwa na picha ndogo ya kijana wa miaka ishirini na tisa aliyevaa shati la kufungwa hadi juu, na chini yake namba ya simu ya mjomba kwa niaba ya familia. Habari yenyewe ilikuwa kipande cha mistari minne, ukurasa wa tano, kona ya chini kushoto, Na Mwandishi Wetu. Ilisema fundi huyo amefariki dunia baada ya kuanguka, na kwamba kwa mujibu wa kampuni ya ujenzi, marehemu alipanda ghorofani bila ruhusa na bila kufuata taratibu za usalama. Basi. Hapakuwa na neno la ndugu wala la fundi mwenzake.

"Huyu ni nani aliyeandika upuuzi huu?" Bi Posta akafoka pale maktaba, mpaka mtunza maktaba akainua uso. "Anapokea karatasi ya kampuni, anainakili kama kasuku, hata simu moja hapigi! Wanaajiri watu wa namna gani siku hizi?"

Akapanda juu na hasira zake. Akafungua kompyuta kutazama nani aliingiza habari ile, ampe maneno yake. Jina lililotokea lilikuwa lake.

Tarehe ilikuwa Jumapili. Jumapili alikuwa zamu peke yake na aliandika vipande sita ndani ya saa moja, kimoja cha mvua, kimoja cha wizi wa nyaya, kimoja cha hili. Hakukumbuka hata kukiandika. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Mtu ameupaka matope mkono wake mwenyewe, kaosha, kasahau, kisha anakwenda kulaumu wenzake kwa uchafu.

Aliandika barua ile mara saba, na kila mara alijikuta anakwaruza. "Nimepokea kwa masikitiko makubwa." Uongo, hakusikitika, aliandika kipande na akaenda kunywa chai. Akafuta. "Najua mnavyojisikia." Hajui. Akafuta. "Sauti yenu ni muhimu ili wengine wasife." Hilo lilikuwa kweli, lakini ni kumkalia mtu kooni, kumtwisha mfiwa maisha ya watu asiowajua. Akafuta kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Neno "tukio" akalitoa, maana mtoto wa mtu si tukio. Jina la kijana akaliandika kamili, majina yote matatu, baada ya kulihakiki kwenye tangazo herufi kwa herufi.

Mwishowe akabaki na ukurasa mmoja, akauchapa kwenye kompyuta. Ulianza hivi:

"Mama, mimi ni mwandishi wa gazeti. Sikuwahi kukutana na mwanao. Ninaandika habari ndefu kuhusu mafundi waliofia kwenye majengo mwaka huu, na ninaomba, kama utapenda, unieleze habari za mwanao, jinsi alivyokuwa kabla ya siku ile. Una haki ya kukataa, na ukikataa sitauliza sababu wala sitakuja mlangoni kwako. Ukikubali, wewe ndiye utakayechagua siku na mahali, na nani akae nawe. Swali usilolitaka hutalijibu. Ukisema basi, ni basi. Picha haitapigwa wala haitatolewa bila ruhusa yako."

Kisha yakaja mambo ambayo waandishi wengi huyaficha. Akaandika kwamba gazeti halilipi mahojiano. Kwamba hataweza kumpa mama habari nzima aipitie kabla haijatoka, ila maneno aliyoyasema yeye atasomewa ayahakikishe. Kwamba kichwa cha habari huandikwa na mtu mwingine. Kwamba kurasa zinafungwa Alhamisi ya wiki ijayo, lakini hata baada ya hapo mlango uko wazi. Na mwisho kabisa:

"Wiki tano zilizopita gazeti letu liliandika kwamba mwanao alipanda bila ruhusa. Tulichukua maelezo ya upande mmoja, bila kuwauliza ninyi. Aliyeandika ni mimi. Naomba radhi."

Akaipeleka kwa mwanasheria wa gazeti, kama utaratibu ulivyotaka. Mwanasheria alikuwa mtu wa suti safi na kalamu nyekundu. Akasoma kote akitikisa kichwa kwa kukubali, alipofika mwisho akachora mstari mmoja mrefu.

"Hii unawapa fimbo ya kutuchapia, Bi Posta."

"Bila hiyo, barua nzima ni danganya toto. Watu wale wanalo gazeti, unadhani hawajaona?"

"Kama wameona wamenyamaza. Waache wanyamaze."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mwanasheria akarudisha karatasi kwa vidole viwili. "Kama ni radhi yako, basi iwe yako. Isitoke na nembo yetu." Ndiyo maana barua ikaenda kwenye bahasha nyeupe tupu, kutoka droo ya Bi Posta.

Jambo la mwisho lilikuwa nani aipeleke. Kwa kawaida hakuipeleka mwenyewe, maana mwandishi akisimama mlangoni na bahasha, hiyo si barua tena, ni mahojiano yaliyovaa nguo nyingine. Alitafuta ndugu anayeaminiwa. Akampigia mjomba, akajitambulisha, akauliza kama anaweza kumletea dada yake barua. Mjomba alikuwa kinyozi, na sauti yake ilishinda mashine ya kunyolea.

"Lete, lete hata sasa hivi! Mimi ndiye msemaji wa familia!"

Bi Posta alimkuta kibandani, nusu ya kichwa cha mteja kikiwa tayari. Akampa bahasha kwa mikono miwili. "Kaka, hii ni ya dada yako. Naomba umpe mwenyewe mkononi."

"Usiwe na shaka, dada yangu. Mimi na siri ni damu moja."

Mteja akacheka peke yake. Bi Posta alikiona kicheko kile na akajitia hamnazo, kwa kuwa alikuwa amechoka na siku zilikuwa zinayoyoma. Alilijutia baadaye.

Kisha ukaja wakati wa kungoja, ambao ndio sehemu mbaya kuliko zote katika kazi ile. Bi Posta alikuwa na masharti yake. Kukumbusha ni mara moja tu, na si kabla ya siku saba. Saa Kumi hakuwa na masharti. Kila asubuhi alipita mezani kwake.

"Posta imejibu?"

"Bado."

"Labda mbebaji amekula stempu."

Siku ya tatu Saa Kumi akaleta namba ya simu imeandikwa kwenye kikaratasi, akakibandika kwenye kioo cha kompyuta yake. Siku ya nne akabandika kingine. Bi Posta akavibandua vyote viwili, akavitia kwenye kikombe, akaendelea kuwaandikia watu wa familia nyingine, huku roho ikiwa juu kila simu ilipolia. Wawili walikubali. Mmoja alikataa kwa heshima. Kutoka kwa mama wa fundi umeme, kimya.

Siku ya sita, asubuhi, mapokezi wakapiga simu kwamba ana mgeni. Aliposhuka akamkuta mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa viatu vyeupe vya uuguzi, ameketi wima kwenye kochi la wageni. Mkononi alishika bahasha nyeupe tupu. Televisheni ya ukutani ilikuwa ikionyesha mapishi bila sauti.

"Wewe ndiye uliyeandika hii?"

"Ndiye mimi. Karibu sana. Wewe ni..."

"Ni dada yake." Hakusema wa nani. "Barua yako ni nzuri sana. Nimeisoma mara nne nikitafuta mahali pa kukutukana, nikakosa. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Bi Posta akaketi. Aliwahi kutukanwa na wafiwa, na aliona ni haki yao, lakini hakuwahi kutukanwa kwa upole namna ile.

"Mama yangu alikuwa mshonaji," dada akasema. "Miaka thelathini anatunga uzi kwenye sindano. Macho sasa yamechoka. Maandishi makubwa ya ukutani anasoma, ya gazeti yamemshinda. Siku gazeti lenu lilipotoka, jirani alimletea, akamwambia mwanao ametoka gazetini. Mama akanipa nimsomee. Nikaona mlichoandika. Wewe ungefanya nini?"

Bi Posta akainama, akatazama vile viatu vyeupe.

"Nikamsomea mengine. Nikatunga palepale, nimesimama, gazeti limenifunika uso. Nikasema, fundi umeme hodari mwenye umri wa miaka ishirini na tisa amefariki dunia akiwa kazini. Alikuwa ametumwa na msimamizi wake ghorofa ya nne kutengeneza taa. Ameacha mama, dada, na wenzake wanaomlilia. Mama akasema, soma tena. Nikasoma tena, yaleyale. Amekata kile kipande, amekiweka kwenye mfuko wa vyeti vyake, pamoja na cheti cha kuzaliwa na cha ufundi. Kila mgeni akija, anakitoa, na anawasomea kwa kichwa. Hakosei hata neno. Wageni wanaosoma wananitazama mimi, na mimi nawatazama."

"Na barua yangu..."

"Mjomba. Alisimama katikati ya sebule, majirani watatu wamekaa, akaisoma kama anatangaza mpira. Alipofika kwenye radhi yako, alikuwa ameshapata kasi, hakuweza kusimama. Akasoma: gazeti letu liliandika kwamba mwanao alipanda bila ruhusa. Mama akasema, soma tena. Kisha akaleta mfuko wa vyeti, akanipa kile kipande mbele ya watu. Akasema, binti yangu, leo nisomee kama ilivyo."

Mwanamke yule akakunja bahasha mara mbili, akaikunjua tena.

Bi Posta alihesabu kichwani kila kitu alichofanya sawasawa, jina kamili, haki ya kukataa, radhi, mpeleka barua, na akaona jinsi usawasawa wote ule ulivyokwenda kumpiga kofi mama wa watu sebuleni kwake. Akajikasirikia. Akamkasirikia mjomba. Akaikasirikia kompyuta iliyochapa barua kwa herufi ndogo za ofisini, maana kama angechapa kubwa, mama angeisoma peke yake, na asingehitaji mdomo wa mtu.

"Mama anasemaje?" akauliza.

"Hasemi. Hajaongea na mimi tangu siku ile, isipokuwa jana. Hataki mahojiano. Hataki picha. Anataka kitu kimoja. Ameniuliza kama yale niliyomsomea ni uongo. Nikamwambia nilitunga. Akasema, sijakuuliza kama ulitunga, nimekuuliza kama ni uongo." Dada akainua macho kwa mara ya kwanza. "Na mimi sijui. Sijui kama alitumwa. Nilisema tu. Nyinyi ndio mnaojua kutafuta. Basi tafuta."

Alipoondoka, Bi Posta alipanda juu na kumweleza Saa Kumi. Mhariri akasikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu. "Kwa hiyo mama hayupo."

"Mama yupo. Anasubiri."

"Hayupo kwenye kurasa zangu," akasema Saa Kumi. "Una siku tatu."

Siku mbili za kwanza Bi Posta aligonga ukuta. Kampuni ya ujenzi ilimpitisha kwenye simu nne, ya tano ikamwambia suala linachunguzwa. Mlinzi wa getini alimwambia yeye hajui kusoma daftari analoliandika mwenyewe. Mafundi wawili aliowakuta wakila mchana waliinuka na sahani zao mara alipotaja jina la marehemu, mmoja akanong'ona kwamba ana watoto. Bi Posta alirudi ofisini magoti yanawaka moto, akamaliza hasira kwenye mashine ya kuchapisha iliyokuwa imekwama karatasi.

Jumatano asubuhi simu ikalia, na alikuwa mjomba. Kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya chini.

"Dada yangu, mimi nimeharibu. Mdomo wangu huu. Lakini wale mafundi wote wananyolewa kwangu. Kuna mmoja amekaa hapa, nimemnyoa upande mmoja, nimemwambia upande wa pili nitamaliza ukifika."

Bi Posta alikula kona mbili mbio kama msichana. Alimkuta fundi mwenyewe na shuka shingoni, kichwa nusu, amenuna. Kabla hajamuuliza kitu alimweleza masharti. Jina lake halitatajwa, wala sura, wala kazi anayofanya pale jengoni, na kama hataki, anyolewe aende zake. Mjomba akazima mashine, akageukia ukutani, jambo ambalo kwa mtu kama yule ni kama kufunga mwezi mzima.

Fundi akatoa simu. Walikuwa na kundi la ujumbe la kazini. Akasogeza nyuma wiki sita, na pale, saa moja na dakika ishirini asubuhi ya siku ile, msimamizi ameandika: fundi umeme apande ya nne sasa hivi, taa ziwake kabla wageni hawajafika. Na chini yake jibu la kijana, neno moja: sawa.

"Mkanda wa usalama ulikuwepo?" akauliza Bi Posta.

"Mikanda ilikuwa mitatu. Wageni ndio waliowekewa."

"Na yeye, kikazi alikuwaje?"

Fundi akafikiri. "Hakuna waya uliowahi kumshinda. Sisi wote tulikuwa tunamwita yeye tukikwama."

Bi Posta alinakili kila kitu, lakini mtu mmoja ni mtu mmoja. Alirudi kwa mlinzi wa getini, safari hii bila kumwomba daftari. Alimuuliza tu, msimamizi alikuwepo asubuhi ile? Mlinzi akatazama kushoto na kulia, akasema msimamizi alisimama palepale anapiga kelele fundi apande haraka, yeye alimsikia kwa masikio yake. Akasema kama akiulizwa, hajawahi kumwona mwandishi huyu. Bi Posta akaiandikia kampuni maswali matatu, akawapa mpaka kesho saa sita mchana kujibu, na jibu lilipokuja lilikuwa lilelile: suala linachunguzwa. Mwanasheria wa gazeti akasoma vyote, akatafuta pa kuweka kalamu nyekundu, hakupaona.

Saa Kumi akafurahi kupita kiasi. "Hii inaingia kurasa mbili! Katikati kabisa!"

"Habari ndefu na iende," akasema Bi Posta. "Lakini kwanza sahihisho. Ukurasa wa tano, kona ya chini kushoto, mistari minne."

"Nani anasoma kona ile?"

"Mimi niliandika pale. Nitafutia pale."

"Kona ile leo ina tangazo la magodoro."

"Lihamishe."

"Wewe unajua kuhamisha godoro saa tisa alasiri?" Saa Kumi akapiga kelele mpaka kijana wa michezo akasimama. Bi Posta hakubishana. Alikwenda kwa mpanga kurasa, akavuta kiti, akaketi kando yake kama mtu aliyekuja kulala. Aliketi nusu saa nzima. Godoro likasogea sentimita nne.

Vita haikwisha. Mhariri alisoma mistari minne, akakata neno "hodari". "Hodari kwa nani? Hili si tangazo la mazishi." Bi Posta akalirudisha na kuongeza wenzake wanasema, maana mwenzake alisema kweli. Mhariri akakata neno hilo mara ya pili, naye akalirudisha mara ya pili. Kisha Saa Kumi akaona kilichokuwa juu ya mistari ile.

"Umeweka jina lako. Kwa nini usiweke Mwandishi Wetu? Unajichafua mwenyewe."

"Mwandishi Wetu ndiye aliyekosea," akasema Bi Posta. "Na huyo ni mimi."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili. Saa Kumi alikunja uso, akatia saini.

Habari ndefu ilitoka na familia nyingine mbili, na picha kubwa ya jengo badala ya mama analia. Saa Kumi alisema haina machozi. Wasomaji hawakupiga simu nyingi. Msimamizi aliendelea kwenda kazini, uchunguzi nao ukaendelea kuchunguza. Bi Posta alikuwa na kila sababu ya kuuma meno, na aliyauma.

Jumamosi asubuhi, kwa mwaliko wa dada mtu, alikwenda. Hakubeba daftari wala kinasa sauti. Alibeba gazeti, na karatasi moja ya ofisini ambayo alichapa mistari ileile kwa herufi kubwa kama za bango la barabarani, moja kwa moja, hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa.

Sebule ilikuwa ndogo na safi. Cherehani lilikuwa pembeni limefunikwa kitambaa, na mfuko wa vyeti ulikuwa mezani. Mama aliketi karibu na dirisha. Binti yake alisimama mlangoni, mbali, kama mtu asiyejua kama bado ana ruhusa ya kukaa. Mjomba alikuwepo naye, amebana mdomo kwa nguvu zake zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa barua?"

"Ndiye mimi, mama. Na wa gazeti pia. Yote mawili."

"Ninajua. Uliandika." Mama akanyoosha mkono. "Lete."

Dada akasogea hatua moja, kwa mazoea, ili amsomee. Mama akainua kiganja kumzuia. Akaishika karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, na akaanza kusoma mwenyewe kwa sauti, polepole, kama anafuata mshono.

"Fundi umeme, ambaye wenzake wanasema alikuwa hodari, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, alifariki dunia akiwa kazini. Gazeti hili lilikosea kusema alipanda bila ruhusa. Alikuwa ametumwa na msimamizi wake ghorofa ya nne kutengeneza taa. Ameacha mama, dada, na wenzake wanaomlilia."

Kidole kikafika mwisho, kikabaki pale. Mama akarudi juu, akasoma tena kimya, midomo ikicheza. Kisha akafungua mfuko wa vyeti, akatoa kile kipande cha zamani, akampa Bi Posta bila neno, na mahali pake akaweka karatasi mpya, ameikunja kwa uangalifu mara nne ili iingie.

Halafu akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Wameongeza kidogo hapa na pale," akamwambia binti yake. "Lakini ulinisomea sawasawa, mwanangu. Njoo ukae."